Tangazo kwa wanakikoba wote: mkutano wa Jumamosi tarehe 7 Machi 2026, na taratibu zetu za hisa

Ndugu wanakikoba, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za majukumu. Kwa waliofunga Ramadhani na walio kwenye Kwaresima, tunawatakia mfungo mwema. Mwaka huu mifungo yote miwili imeangukia wakati mmoja, kwa hiyo tunajua kuwa nyumba nyingi hapa Mwembesongo zina mambo mengi jioni.

Ndiyo maana kamati imesogeza muda. Kuanzia Jumamosi hii mpaka Idi ipite tutakutana saa 9:00 alasiri badala ya saa 10:00, mahali ni palepale kwa mwenyekiti, ili kila mtu afike kwake kabla ya futari. Mkutano huu ni wa tisa katika mzunguko wetu ulioanza tarehe 10 Januari. Masika nayo imekaribia. Mvua ya kawaida haiahirishi mkutano, turubai lipo. Mkutano utaahirishwa tu kamati ikitangaza hapa kwenye kundi kabla ya saa 6 mchana. Usipoona tangazo, jua tunakaa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Jumamosi iliyopita, tarehe 28 Februari, wanachama tisa kati ya ishirini na wanane hawakununua hisa. Wengine hawakufika, wengine walifika wakakaa, wakachangia hoja vizuri tu, lakini daftarini hawana kitu. Siku hiyohiyo marejesho ya watu wanne yalikuwa yamefikia tarehe yake na hayakuletwa. Majina hayatajwi hapa na hayatatajwa. Anayehusika anajijua, na kamati itaongea naye pembeni kwa heshima yake.

Lakini hesabu lazima kila mtu aione. Hisa moja moja za watu tisa ni shilingi 45,000. Marejesho yale manne ni 240,000. Jumla 285,000. Kikao kilikuwa kimepitisha mikopo mitatu yenye jumla ya 850,000, tukafungua sanduku, tukahesabu, zikatoka 580,000. Wawili wakapata. Wa tatu, mwenzetu aliyetaka 270,000 aongeze mtaji wa mchele kabla mwezi wa mfungo haujasonga, akarudi nyumbani mikono mitupu, ilhali yeye mwenyewe hajakosa hisa hata wiki moja. Kama zile 285,000 zingeletwa, angepata na chenji ingebaki. Sanduku letu halina mfadhili. Hakuna benki inayolijaza usiku. Kilichomo ni kile tulichoweka sisi, na usipoleta ya kwako, si kamati unayoinyima, ni jirani yako wa kulia au wa kushoto.

Kwa hiyo tunakumbushana yaliyomo kwenye katiba yetu, ile tuliyoisaini wote na ambayo nakala yake ipo halmashauri tuliposajiliwa. Tangu ilipokuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chetu vinatambulika kisheria, vipo daraja la nne, na vinatakiwa kuwa na kumbukumbu zinazoeleweka. Afisa maendeleo ya jamii akija kukagua daftari, hatamuuliza mtu kama alikuwa na dharura. Ataangalia tarakimu.

Hisa ni 5,000. Kila mkutano mwanachama ananunua angalau moja, na hazizidi tano. Hela ya jamii ni 1,000, inawekwa kwenye kifuko chake na haichanganywi na hisa wala haikopeshwi. Kwa hiyo ukija Jumamosi, cha chini kabisa mkononi ni 6,000. Mwenye uwezo wa hisa tano alete, mwenye uwezo wa moja alete moja bila aibu. Hapa hatupimani. Aliyenunua hisa moja moja tangu Januari bila kukosa ana 40,000 zake na anaweza kukopa mpaka 120,000, kwa sababu mkopo wetu ni hadi mara tatu ya hisa zako. Huyo kwetu anaaminika kuliko anayeleta tano leo kisha akapotea mwezi mzima.

Fedha zinapokelewa mkutanoni tu, mbele ya macho ya wote. Wahesabu wawili wanahesabu kwa sauti, katibu anaandika, kitabu chako kinagongwa muhuri, nawe unaangalia. Tafadhali acheni kumfuata mweka hazina kwenye genge lake siku ya Jumanne na kumwachia elfu kumi "akuwekee". Yeye ni binadamu, ana wateja, ana watoto, na elfu kumi yako haina jina. Ameagizwa asipokee. Akikukatalia usinune.

Ukisafiri au ukiugua una njia mbili. Unaweza kumtuma mwanachama mwenzako na kitabu chako na hela yako (mwanachama, si mtoto wa shule), au unatuma kwa simu kwenye laini ya kikundi kabla ya saa 6 mchana Jumamosi, pamoja na ya kutolea. Hili la kutolea tuelewane vizuri. Ukituma 6,000 kamili, makato ya kuitoa yanapunguza, na hisa haigongwi pungufu. Laini ya kikundi namba zake mnazo nyuma ya vitabu vyenu. Ukituma kwenye simu binafsi ya kiongozi yeyote, hiyo ni zawadi yako kwake, kikundi hakiitambui. Ukishatuma, mpe katibu meseji ya muamala. Ile ya "nimetuma dada, angalia" haitoshi.

Kuhusu mikopo, riba ni asilimia 5 kwa mwezi kwenye salio, muda ni miezi mitatu, wadhamini wawili. Kuna anayelalamika kuwa riba ni kubwa, basi tupige hesabu pamoja. Umekopa 300,000, unarejesha 100,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba 15,000, wa pili 10,000, wa tatu 5,000. Jumla 30,000, na fedha hizo mwezi Desemba tukivunja mzunguko zinarudi kwetu wenyewe kwenye mgao, ukiwemo wewe uliyekopa. Ukichelewesha rejesho, faini ni 5,000 kwa wiki, na wadhamini wako hawakopi mpaka umalize. Mdhamini, ulipoweka saini hukuwa unamsindikiza rafiki. Mtafute mtu wako kabla kamati haijakutafuta wewe.

Faini nyingine ni zilezile: kuchelewa zaidi ya dakika 15 ni 1,000, kutokuja bila taarifa 2,000, kutokununua hisa bila taarifa 1,000, simu kuita kikaoni 500. Zote zinaingia hela ya jamii. Mtunza nidhamu hapangi bei, anasoma kwenye karatasi, kwa hiyo msimbembeleze na msimkasirikie. Siasa na mahubiri tunayaacha nje ya uzio, na maongezi ya pembeni wakati wa kuhesabu hayaruhusiwi kabisa kwa sababu ndipo makosa yanapoingia.

Watunza funguo, ninyi tunawasema peke yenu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zipo kwa watu watatu ambao hakuna hata mmoja wao mwenye sanduku nyumbani kwake. Utaratibu huu ni mzuri, unatulinda wote na unawalinda ninyi pia dhidi ya maneno ya watu. Lakini mmoja akichelewa, watu ishirini na saba wanakaa wakiangaliana. Hakuna hisa, hakuna mkopo, hakuna kinachofanyika. Watu wa mboga wanataka kurudi sokoni Mawenzi, bodaboda anapoteza vichwa, na watu wakichoka kusubiri huwa wanaondoka na hela zao mfukoni. Mtunza funguo ukijua hutafika, mkabidhi ufunguo mwenyekiti mbele ya shahidi kabla ya siku ya mkutano. Faini yako ya kuchelewa ni 3,000, na ukirudia mara mbili tunachagua mwingine. Hakuna ubaya.

Tunafahamu pia kuwa kuna waliobanwa kweli. Ada za Januari zimekula mitaji, kuna waliouguliwa, kuna ambaye biashara imesimama. Katiba yetu haikuwasahau hao. Ukiwa na hali ngumu, mweleze katibu kabla ya Ijumaa jioni, huna haja ya kueleza mambo ya ndani ya nyumba yako. Utasimamishiwa hisa hadi mikutano minne bila faini. Hela ya jamii, ile 1,000, unaendelea kutoa, na kama una mkopo tutakaa tupange upya marejesho. Kinachotukwaza si mtu kukosa. Kinachotukwaza ni mtu kukosa na kuzima simu, au kusoma ujumbe, tiki zikawa za bluu, na kimya.

Na hela ya jamii msiione ndogo. Msiba wa mwanachama, mwenza, mtoto au mzazi, kikundi kinatoa 150,000. Kulazwa 50,000, kujifungua 30,000. Anayedaiwa hela ya jamii ya mikutano mitatu mfululizo hapati, hata akiwa nani. Msibani tutakuja, tutapika, tutalala matanga pamoja naye, lakini bahasha ya kikundi haitakuwepo. Ni afadhali maneno haya tuyasikie sasa tukiwa salama kuliko siku ya machozi.

Mwanachama atakayekosa hisa mikutano mitatu mfululizo bila taarifa ataitwa kwenye kamati. Asipoitikia wito mara mbili, kikao kitapiga kura ya kumtoa. Hisa zake hazipotei; atarudishiwa mzunguko ukivunjwa, baada ya kukata anachodaiwa, ila mgao wa riba hatapata. Hili tumelipitisha wote Januari kwa kunyoosha mikono, na halina mjomba wala shangazi.

Jumamosi tutaanza na marejesho yaliyochelewa, kisha hisa, kisha mkopo wa mwenzetu wa mchele ambaye yuko wa kwanza kwenye foleni, halafu maombi mapya mawili. Ambao hamkununua tarehe 28, njooni na hisa ya wiki hii na faini yenu. Ya wiki iliyopita hailipwi nyuma, ila mnaruhusiwa kununua hadi tano kufidia. Wale wanne wa marejesho, katibu yuko kwenye simu leo na kesho mpaka saa 3 usiku. Mje na vitabu, na tafadhali mje na noti ndogo, maana mkutano uliopita tulitumia nusu saa kutafuta chenji ya elfu kumi kumi.

Katibu, kwa niaba ya kamati
Mwembesongo, Morogoro