Nimepita, Jamani! Kibao cha L Kimeshuka

Nimepita! Mnayemwona pichani akicheka hadi gego la mwisho linaonekana ni mimi, na hicho kibao cheupe chenye herufi L nyekundu ninachokishika kichwa chini ni kile kile kilichokuwa kikining'inia nyuma ya gari la shule ya udereva tangu mwezi wa pili. Mwalimu aliniazima kwa dakika mbili tu, kwa sababu mwanafunzi wa saa nane alikuwa ameshakaa kwenye usukani akikisubiri.

Kwa wale mlioanza kuniuliza kwa simu kabla hata sijafika nyumbani, ni leseni ya daraja B, ya magari madogo, na nimetahiniwa kwenye gari la gia za mkono wala si otomatiki. Nalitaja hilo makusudi, maana yuko shemeji yangu mmoja aliyeapa mbele ya watu kwenye sherehe ya Krismasi kwamba mimi na klachi hatutapatana maishani. Shemeji, nakusalimu sana, na soda ya wale walioshuhudia ni juu yako.

Sitaficha kwamba hii ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza, mwezi wa tano, nilirudishwa nyumbani kabla hata sijagusa usukani. Waliowahi kufanya mtihani huu wanaikumbuka ile meza pana iliyochorwa mji mzima juu yake, ikiwa na barabara za njia moja, makutano, maegesho na raundabauti, ambapo mtahini hukukabidhi kigari cha kuchezea kinachoenea kiganjani na kukuagiza ukitoe hapa ukipeleke pale, huku ukieleza kwa sauti kila unachofanya. Niliagizwa niingie kwenye raundabauti na kutokea upande wa kulia. Nikajipanga safu ya kushoto bila wasiwasi wowote, nikazunguka, nikayakatia njia magari yote ya kufikirika yaliyokuwa yakijiendea zake. Mtahini hakupaza sauti. Alikiinua kigari kwa vidole viwili, akakirudisha kilipoanzia, akamwita anayefuata.

Tangu siku hiyo, meza yetu ya chakula iligeuka mji. Sahani ya chapati ilikuwa raundabauti, vijiko vilikuwa barabara, kiberiti kilikuwa gari langu, na binti yangu wa gredi ya sita alikuwa mtahini mkali kuliko yule wa serikali. Anayekwenda kulia hujipanga mapema safu ya kulia akiwa amewasha indiketa ya kulia, huwapisha walio tayari ndani ya raundabauti wanaomjia kutoka kulia kwake, kisha huwasha indiketa ya kushoto akishaipita njia ya kutokea iliyo kabla ya yake. Nimeyakariri maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba mume wangu anaweza kuyasema akiwa usingizini.

Leo meza ilinichukua muda mfupi, na alama za barabarani nilizitaja moja baada ya nyingine bila kubabaika. Kilichobaki ni gari lenyewe, na hapo ndipo tumbo lilipoanza kuunguruma, kwa sababu mwendo wa kawaida sikuuogopa. Nilichokiogopa ni mlima. Mlima wenyewe ni mfupi hivi kwamba mtu anayetembea hawezi hata kuutambua, lakini ukiwa umesimama katikati yake, matatu imekuganda nyuma na kondakta anaipiga ubavuni kwa kiganja, unakuwa Mlima Kenya.

Mtahini akaniamuru nisimame, nivute breki ya mkono, kisha niondoke gari lisirudi nyuma hata kidogo. Nikakanyaga klachi hadi chini na kuingiza gia ya kwanza. Nikaanza kuiachilia klachi polepole, mguu wa kulia ukiongeza mafuta kidogo, na hapo nikakumbuka maneno aliyonirudia mwalimu wangu kila Jumanne na Alhamisi: "Mama, usiangalie miguu yako, isikilize gari." Injini ikabadilisha sauti, boneti ikainuka kidogo sana, usukani ukatetemeka mikononi mwangu kama mbuzi anayesikia baridi. Nikashusha breki ya mkono. Gari likapanda. Halikurudi nyuma, halikuzima, halikuruka kama chura, na mimi peke yangu ndani ya gari lile ndiye niliyejua kwamba muda wote huo sikuwa nimepumua.

Tuliporudi kituoni, mtahini aliandika, akaandika tena, kisha akasema neno moja, "Umepita," kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukuma wiki. Nilimshukuru mara tatu. Nusura nimkumbatie, lakini nikakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima.

Mwalimu wangu, asante kwa uvumilivu wako, hasa siku ile nilipozima gari mara tano mfululizo pale taa za Donholm ukajifanya unatazama simu. Mama watoto wenzangu wa ploti yetu hapa Umoja, asanteni kwa kunipokelea watoto jioni zote za masomo. Binti yangu, mtahini mkuu wa meza ya chapati, baiskeli niliyokuahidi sijaisahau. Mume wangu, asante kwa kufunga mkanda na kunyamaza, ingawa niliuona mkono wako ukiushika mlango.

Kaka yangu ameshapendekeza kwamba tusherehekee kwa kupanda Nairobi Expressway, kilomita zote 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, madirisha yakiwa wazi na muziki ukipigwa. Nimekataa kwa heshima. Tangu barabara hiyo ifunguliwe mwaka 2022 nimeipita nikiwa abiria, na kwa sasa nimeridhika kuitazama kutoka chini, kwa mwendo wangu wa kilomita 50 kwa saa ambao sheria inauruhusu mjini, wenye haraka wakinipita na kunipigia honi wapendavyo.

Safari yangu ya kwanza nimeshaipanga. Mama yangu amekuwa akiuza nyanya na vitunguu tangu nikiwa mtoto, na kila alfajiri ya kununua mali huamka saa tisa usiku, akapanda matatu hadi soko la Marikiti, akabishana na wenye mikokoteni, kisha akarudi amekaa juu ya gunia kwenye gari la kukodi pamoja na wenzake wanne. Leseni ikishatoka, ile Probox ya mume wangu itaegeshwa nje ya mlango wake saa kumi kasorobo alfajiri, viti vya nyuma vikiwa vimekunjwa. Tutashika barabara ya Outer Ring, tuingie Jogoo Road kabla matatu hazijajaa, na kwenye raundabauti ya City Stadium nitajipanga safu inayostahili na kutangaza kila indiketa kwa sauti.

Nilipompigia kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu, kama gari hilo linaweza kubeba kreti sita za nyanya au nane. Nimemwambia nane, Mama, na wewe ukae mbele.