Sauti ya Karai

Baada ya sala ya alasiri, Bibi Mwanaidi aliburuta jiko la mkaa hadi uani kwake Kikwajuni, Unguja, akateleka karai na kulijaza mafuta hadi nusu, kisha akamwita mjukuu wake, aliyekuwa jikoni akifunika sinia la sambusa kwa kitambaa ili manda zisikauke.

"Salma!"

"Abee, Bibi."

"Lete sinia, uje ukae hapa. Leo utakaanga wewe."

Salma alikuwa na umri wa miaka 12 na mwaka ule alikuwa akifunga Ramadhani nzima kwa mara ya kwanza. Kufunga manda kwa pembe tatu na kuzibandika kwa uji mzito wa unga wa ngano alikuwa amekwisha kujua, lakini karai lilikuwa bado la Bibi peke yake.

"Nitajuaje kama zimeiva, Bibi, na sisi tumefunga, hatuwezi kuonja?"

"Ndiyo maana nataka ujifunze mwezi huu. Hebu yatazame mafuta, uniambie unaona nini."

Salma aliinama kidogo. Mafuta yalikuwa yametulia, mazito, na mwanga wa jua ulikaa juu yake bila kutikisika. Bibi alimwambia asubiri. Haukupita muda mrefu, mistari myembamba ikaanza kutambaa kutoka katikati kwenda pembeni, na ukingo wa mafuta ukawa unatetemeka palipogusana na chuma.

"Yanatembea," alisema Salma.

"Yameanza kuwa mepesi. Sasa tia kipande cha manda."

Kipande kilizama, kikakaa chini, kisha kikapanda polepole kikiwa na mapovu machache makubwa yaliyopasuka kwa uvivu. Bibi alitikisa kichwa. Sambusa ikitiwa wakati huo, alieleza, italala chini ya karai na kunywa mafuta, na mtu akiiuma yatamchuruzika hadi kiganjani. Walingoja tena. Kipande cha pili hakikuwahi kufika chini. Kiliibuka palepale kikizungukwa na mapovu madogo yaliyosongamana, huku kikitoa mlio mwembamba wa tsss usiokatika.

"Hapo. Sikiliza vizuri, kwa sababu kinachopiga kelele si mafuta, ni maji yaliyomo ndani ya manda yanayoukimbia moto. Mafuta matupu hayana sauti, hata yakiwa ya kukuunguza. Kwa hiyo kabla hujatia kitu tumia macho, na ukishatia tumia masikio."

Salma aliteremsha sambusa ya kwanza kutoka ukingoni, kama alivyoelekezwa, ili mafuta yasimrukie. Karai lililia chwaa. Akatia ya pili, ya tatu na ya nne, na kila mara kelele ilirudi upya. Kwa furaha akaendelea hadi ya nane, na hapo mlio ukashuka ghafla, ukawa mzito na wa chini, nayo mapovu yakapungua.

"Umesikia?"

"Yamepoa?"

"Umeyapoza wewe kwa kujaza. Toa mbili, uziweke pembeni, halafu upepee mkaa."

Kipepeo kilipofanya kazi, mlio ulipanda tena, ukawa sawasawa kama mvua ya masika juu ya makuti. Salma aligeuza sambusa kwa kijiko cha matundu. Rangi ilitoka kwenye weupe ikaingia kwenye manjano, na kadiri ilivyokolea ndivyo kelele ilivyopungua, mapovu yakibaki kwenye pembe tu. Bibi, ambaye wakati huo alikuwa amegeukia upande wa pili akikata ndimu, alisema bila kutazama, "Toa sasa." Zilikuwa za rangi ya dhahabu, kavu, na zilipogongana ndani ya chujio zilitoa mlio mkavu.

Kabla ya mkupuo wa pili, Salma aliona uzi wa moshi wa samawati ukipanda kutoka kwenye karai tupu. Mkono wake ulikuwa tayari na sambusa. Aliirudisha kwenye sinia, akashika koleo na kuondoa makaa mawili chini ya karai, kisha akasubiri hadi moshi ulipokatika, ndipo akatia kipande cha manda. Kiliibuka na mapovu madogo, bila kubadilika rangi kwa pupa.

"Ungetia kwenye moshi ule ingekuwaje?" aliuliza Bibi.

"Ingeungua nje, na nyama ndani ikabaki baridi."

"Na manda ingetoka malengelenge. Haya, tia sita, usizidishe."

Bibi Mwanaidi alinawa ndimu mikononi, akajifunga kanga yake upya na kuinuka kwenda bombani kuchukua udhu.

"Bibi, unaniacha peke yangu?"

"Nitakuwa nakusikia kutoka kule," alijibu akiendelea kutembea. "Huo mkaa wa kushoto umekufa, upepee."

Salma alikuwa amekwisha kuchukua kipepeo.