Kwa darasa letu, kabla sijafunga begi

Wapendwa, habari za jioni.

Samahani kwa ujumbe mrefu. Najua kundi hili limezoea "mhadhara umehamishwa ukumbi gani?" na "nani ana noti za leo?", lakini Jumamosi asubuhi naondoka bwenini na sitaki kuondoka kimya kimya kama vile miaka hii minne haikuwa kitu.

Tulipoanza mwaka 2021 tulikuwa watu 43 tusiojuana. Mimi binafsi nilikaa wiki tatu bila kuongea na mtu, nikiamini kila mmoja wenu anaelewa hesabu kuliko mimi. Aliyenitoa kwenye hofu ile ni kaka wa safu ya nyuma, yule asiyependa kusemwa mbele za watu, kwa hiyo jina lake naliacha. Siku hiyo alichukua rula na vifutio viwili, akanionyesha momenti ni nini juu ya meza, dakika kumi tu. Kaka, somo la miundo nimelifaulu kwa sababu ya ile rula. Sijawahi kukuambia, nakuambia leo.

Dada uliyekuwa unapiga picha ubao kila kipindi na kuzituma humu zikiwa na namba za mpangilio: mwaka wa pili baba alipolazwa nilikosa mihadhara karibu mwezi mzima. Picha zako ndizo zilikuwa darasa langu. Nilizisoma kwenye korido ya wodi usiku, na palipokuwa hapasomeki nilikuta tayari umeandika maelezo chini yake. Mkachanga pia, wote, bila hata kuniuliza nahitaji nini. Baba alipona, na mpaka leo anaulizia "wale wenzako". Nimemwahidi nitafikisha shukrani zake, na hizi hapa: anasema asanteni sana, na Mungu awabariki.

Kiongozi wetu wa darasa, wewe umebeba mengi kwa niaba yetu. Ratiba zilizogongana, wahadhiri waliotakiwa kukumbushwa, watu waliokupigia simu saa sita usiku kuuliza kilichoandikwa humu tangu asubuhi. Sikumbuki siku uliyomjibu mtu vibaya. Pumzika sasa, tafadhali.

Kundi letu la upimaji, mnakumbuka levo ilivyokataa kufunga kwa sentimita nne, mvua ikianza, na mmoja akapendekeza "turekebishe namba tu"? Tukarudia mzunguko wote, tumelowa, tukarudi na jibu la kweli. Nitakapokuwa saiti peke yangu na namba zikagoma, nitaikumbuka jioni ile.

Kuna mwenzetu niliyegombana naye wakati wa mradi wa mwaka wa nne. Nilisema maneno makali mbele ya kundi, kwa hiyo naomba msamaha mbele ya kundi pia. Ulikuwa sahihi kuhusu hesabu za boriti, na hata kama usingekuwa sahihi, nisingepaswa kuongea vile. Nisamehe, ndugu yangu.

Sasa niseme lililonifanya nikae kuandika. Naogopa kundi hili litakufa. Nimeona madarasa yaliyotutangulia: mwezi wa kwanza picha za mahafali, mwezi wa tatu matangazo ya kazi yaliyopita muda, kisha kimya. Sisi tumesoma zege. Tunajua zege halikauki, linakomaa, na linakomaa kwa kumwagiliwa maji baada ya mafundi kuondoka. Ndiyo maana tulivunja vipande vyetu siku ya 7 na vingine tukavisubiri mpaka siku ya 28.

Naomba basi tarehe 28 ya kila mwezi iwe yetu. Hata Februari inayo. Siku hiyo kila mtu aandike mistari miwili humu: yuko wapi, anafanya nini. Asiye na kazi aandike hivyo hivyo, "bado natafuta", bila aibu, maana huenda aliyeandika juu yake ameona nafasi mahali. Tukiweza, Desemba tarehe 28 tuongee kwa video jioni, watakaopatikana.

Kuhusu mawasiliano yenyewe, humu tunajuana kwa namba za simu, na laini hubadilika. Ukibadilisha namba, usianze akaunti mpya moja kwa moja. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, utumie kipengele cha kubadilisha namba ukiwa bado na laini ya zamani. Utabaki kwenye makundi yako yote. Na akaunti isiyotumika kwa takriban siku 120 hufutwa, kwa hiyo anayekwenda mahali pasipo na mtandao kwa muda mrefu atuachie njia nyingine ya kumpata.

Njia hiyo nyingine nimeianza: jedwali la Google lenye jina, barua pepe, mji utakaokuwepo na aina ya kazi unayoitafuta au kuifanya. Weka barua pepe yako binafsi, siyo ya chuo, kwa sababu ya chuo hatuna uhakika itabaki wazi hadi lini. Jedwali nimelifunga, linaonekana kwa wanadarasa niliowaalika tu. Naomba asilibandike mtu nje, hizi ni taarifa zetu. Kiongozi wa darasa na dada wa picha za ubao nimewapa uwezo wa kulihariri, ili lisitegemee simu yangu. Vilevile humu admini ni mmoja tu. Kiongozi, tafadhali ongeza wawili.

Folda ya mitihani ya zamani na ripoti za maabara ipo kwenye akaunti yangu ya chuo. Nimenakili yote kwenye akaunti binafsi na kiungo kipya kimo ndani ya jedwali. Mwenye vya kwake kule afanye vivyo hivyo kabla mwezi haujaisha.

Na ninyi wawili mnaobaki kurudia mtihani Septemba, nimewaachia nafasi kubwa moyoni. Juzi mmoja wenu alijitoa kwenye kundi usiku, akarudishwa asubuhi. Nakuomba usitoke tena. Hili kundi ni la watu 43 walioanza pamoja, na halina sharti la kuvaa joho mwezi huu. Mimi nitakuwa na nafasi kila Jumanne na Alhamisi saa mbili usiku kuanzia wiki ijayo. Nitapiga simu, tutapitia maswali ya vimiminika moja baada ya jingine mpaka yaishe. Wengine wenye somo hilo kichwani, karibuni tusaidiane. Sitaki kuona picha ya mahafali ya mwakani bila nyuso zenu.

Wanaotaka kunipata kabla sijaondoka, nipo bwenini mpaka Jumamosi saa nne asubuhi, chumba kile kile cha diskasheni. Vitabu vitatu vya upimaji nimeviacha mezani, wa mwaka wa tatu wavichukue.

Na aliyeniazima kikokotoo asubuhi ya mtihani wa mwisho, akasema "kaa nacho, mimi ninacho kingine", kumbe hakuwa nacho: nimejua jana tu. Nimekiwekea betri mpya. Pita ukichukue, nataka nikupe mkononi.