Kuziba Pancha ya Baiskeli: Muswada wa Video

Mahali: chini ya mwembe kando ya barabara ya vumbi, Igunga, mkoani Tabora. Saa tatu asubuhi.

Wanaoonekana: Fundi, ambaye ni mama wa makamo, na Kijana wa kidato cha pili.

Baiskeli: ya mizigo, tairi namba 28, valvu ya nati yenye kimpira ndani.

Kwa mpiga picha na mhariri: katika kila hatua mikono itangulie. Fundi asiseme lolote mpaka mkono umemaliza, na muziki usiwekwe, kwa sababu mlio wa msasa na wa upepo ni sehemu ya somo. Mtazamaji akiona tyubu inasuguliwa atajiuliza kwa nini, na jibu litamkuta analisubiri. Akielezwa kabla, atafuata maneno na mkono utampita. Fundi anapoanza kueleza, picha ile ile irudiwe taratibu.

Valvu

PICHA: Kijana anasukuma baiskeli, tairi la nyuma limelala.

KIJANA: Shikamoo, mama.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Ilaze hapo.

Fundi anajaza upepo kidogo. Analowesha kidole kwa maji, anaweka tone juu ya valvu. Kamera isogee karibu kabisa. Tone limetulia, halitoi povu.

FUNDI: Kabla sijafungua kitu nimeiuliza valvu. Tone lingetoa povu, pancha isingekuwepo. Kingekuwa kile kimpira cha ndani kimechakaa, nacho hubadilishwa bila kugusa tairi. Wengi hutoboa mifuko yao kulipia kiraka wakati shida ilikuwa kimpira. Hapa valvu ni nzima, kwa hiyo tunaingia ndani.

Kutoa tyubu

PICHA: Baiskeli inapinduliwa, inasimama kwa usukani na kiti. Fundi anafungua nati ya valvu, anachomoa valvu, upepo uliobaki unatoka. Anafungua nati inayobana shina la valvu kwenye rimu. Anaminya tairi kwa vidole gumba kulizunguka lote. Anapenyeza chuma kimoja chini ya ukingo wa tairi, anakilaza, kisha cha pili kando yake. Upande mmoja wa tairi unatoka. Anaivuta tyubu nje. Gurudumu limebaki mahali pake.

FUNDI: Gurudumu sikulitoa. La nyuma lina mnyororo na breki, ukilifungua umejiongezea kazi ya kulinyoosha tena. Upande mmoja wa tairi unatosha. Nimeanza mbali na valvu, ili chuma kisiumize shina. Na ncha ya chuma iwe butu. Bisibisi itakutobolea tundu la pili.

Kutafuta tundu

PICHA: Fundi anarudisha valvu, anajaza upepo mpaka tyubu inanenepa. Anaipitisha karibu na shavu lake. Kisha anaizamisha kwenye beseni, kipande kwa kipande. Mstari wa mapovu unapanda. Anafuta maji, anachora msalaba kwa kalamu, kitovu cha msalaba kikiwa kwenye tundu. Anaendelea mpaka amemaliza mzunguko wote.

FUNDI: Shavu huhisi upepo ambao kiganja chenye sugu hakiuhisi. Maji ni ya kuthibitisha. Nimechora msalaba mrefu kuliko kiraka, maana msasa ukifuta katikati, mikono ya msalaba itanionyesha tundu lilipo. Na sikuachia kwenye tundu la kwanza. Njia zetu zina mbigili, na mbigili haina mwiba mmoja.

Kumtafuta aliyetoboa

PICHA: Fundi analaza tyubu juu ya tairi, shina la valvu likielekea tundu lake la rimu. Anatazama msalaba umeangukia wapi. Anapitisha kitambaa ndani ya tairi pole pole. Kitambaa kinanasa. Anachomoa mwiba kwa koleo, anauweka kiganjani mbele ya kamera.

KIJANA: Kumbe bado ulikuwemo!

FUNDI: Mwiba ungebaki, wewe ungerudi kwangu kabla ya jioni. Tundu lenyewe linakuambia pa kutafuta. Likiwa upande wa nje wa tyubu, tafuta kwenye tairi. Likiwa upande wa ndani, unaotazama rimu, mwenye kosa ni ncha ya spoki iliyochomoza au utepe wa rimu uliosogea. Ukiona matundu mawili yamekaa sambamba, hakuna mwiba: uligonga jiwe tairi likiwa na upepo mdogo, rimu ikaibana tyubu. Huyo dawa yake ni pampu. Nimetumia kitambaa badala ya vidole kwa sababu ndani mnaweza kuwa na waya au kigae cha chupa.

Msasa

PICHA: Tyubu imetolewa upepo, imekaushwa, imelazwa juu ya ubao. Msasa unasugua kuzunguka tundu mpaka mng'ao unaisha na mpira unakuwa wa kijivu. Fundi anapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Anaweka kiraka juu bila gundi, anapima, anakitoa.

FUNDI: Ule mng'ao ni ngozi laini iliyobaki kutoka kiwandani, na gundi haiushiki mpira vizuri ikiwepo. Sugua eneo linalozidi kiraka kila upande. Ukishamaliza, usipaguse; kidole huacha jasho na mafuta. Kiraka changu nimekikata kwenye tyubu kuukuu, nacho nimekisugua vile vile. Pembe nimezizungusha, maana pembe kali ndiyo huanza kubanduka.

Gundi

PICHA: Fundi anapaka gundi kwenye tyubu, safu nyembamba, kisha kwenye kiraka. Anaviweka kivulini. Anakunja mikono. Msikate hapa. Dakika nzima ya picha iendelee bila neno: gundi inang'aa, kisha inaanza kufifia. Kijana ananyoosha mkono kuchukua kiraka, Fundi anamzuia kwa kiganja. Ndipo mkate, mwonyeshe gundi iliyofifia kabisa.

FUNDI: Hapa ndipo viraka vingi vinapoharibikia. Hii gundi ina dawa inayoruka hewani. Ukibandika ingali mbichi, ile dawa inafungiwa chini ya kiraka, na kiraka kinateleza. Iache dakika tano, au zaidi kukiwa na unyevu. Ikiacha kung'aa, iko tayari. Usiipulizie kwa mdomo, pumzi ina maji. Na isogeze mbali na moto na sigara, inawaka upesi.

Kiraka

PICHA: Kiraka kinashushwa mara moja, katikati ya msalaba. Kidole gumba kinabonyeza kutoka katikati kwenda ukingoni. Mpini wa nyundo unasugua juu yake kwa nguvu. Unga wa chaki unanyunyizwa.

FUNDI: Kikigusa, kimeshika; usikisogeze. Natoka katikati ili hewa isibaki chini. Chaki inameza gundi iliyozidi, tyubu isigandie tairi.

Kurudisha

PICHA: Tyubu inapewa upepo kidogo, inapata umbo. Shina linaingia kwanza kwenye rimu. Tyubu inasukumwa ndani, kisha tairi linarudishwa kwa vidole gumba pekee, likimalizikia kwenye valvu. Fundi anasukuma shina juu, anabana ukingo wa tairi pande zote akichungulia. Anakaza nati, anapiga pampu.

FUNDI: Upepo kidogo unaizuia tyubu kujikunja. Vyuma sikutumia, vingeibana kwenye rimu na kuitoboa upya. Nimechungulia kuhakikisha tyubu haijachomoza popote, ndipo nikajaza.

KIJANA: Nikifika nyumbani nijuaje kama imeshika?

FUNDI: Kesho asubuhi bonyeza tairi kabla hujaondoka. Likiwa gumu kama lilivyo sasa, nenda shule. Likiwa limelegea, weka kwanza tone la maji kwenye valvu.