Jasho la Julai

Uyole, Mbeya, mwezi wa Julai mtu hatoi jasho akiwa amesimama. Tunafika penye viazi alfajiri na makoti mawili mawili, pumzi zinatoka kama moshi wa Fuso, na koti la kwanza halivuliwi mpaka umebeba gunia la kumi. Kwa hiyo siku ile fulana iliponilowa mgongoni nikiwa nimeegemea tairi, sifanyi lolote, nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilikuwa nagombana na Gwakisa kuhusu shilingi mia mbili.

Nilikuwa na wiki ya sita tangu niambiwe nina kisukari. Miaka ishirini na mbili, mbeba lumbesa, halafu ghafla nakunywa maji ndoo nzima, naamka kukojoa usiku mara sita, suruali inanivuka. Siku niliyolazwa mashine ilisoma 29. Nilitoka wodini na insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maziwa yaliyochujwa, asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula. Bibi akaificha chupa kwenye chungu cha maji ya baridi na bakuli la sukari akalificha mimi nisilione. Tulikuwa tumeelewa hivyo: adui ni sukari. Nesi alituambia pia habari ya sukari kushuka, lakini mtu aliyetoka 29 atasikilizaje hadithi ya kushuka? Niliona kama anamwonya maskini asije akatajirika mno.

Siku hiyo nilijichoma saa kumi na mbili, uji ukiwa jikoni. Kabla haujaiva, simu: gari la Dar limewahi, njoo. Nikaenda. Uji nitakunywa baadaye, nilijisemea, kana kwamba dawa iliyokwisha kuingia mwilini ingekaa kwenye benchi kunisubiri.

Saa tatu hivi midomo ikaanza kufa ganzi, kama nimechomwa ile sindano ya hospitali ya kung'olea jino. Mikono ikawa inatetemeka, nikadhani ni uzito. Moyo unakwenda mbio, nikadhani ni mlima wa magunia. Kila dalili niliipatia sababu yake. Njaa nayo ilikuwa ya ajabu, njaa yenye hofu ndani yake. Halafu Gwakisa akasema nimebeba arobaini na moja, mimi nikasema arobaini na mbili, na hiyo tofauti ya mia mbili ikanipandisha hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwa mtu aliyeniibia simu. Nilimtukania mpaka ukoo. Nikajaribu kuhesabu upya mbele yake, na kila nikifika thelathini namba zinatawanyika kama kuku.

"Wewe umelewa asubuhi hii?" akaniuliza.

Nikaenda kwa Mama Neema, muuza chai, nikaomba soda. Sijui nani alinielekeza, mwili wenyewe nadhani. Nilikuwa nimeshaipeleka chupa mdomoni Gwakisa alipoipokonya.

"Mama, usimpe! Huyu ana kisukari, atakufa hapa hapa!"

Nami ndiye niliyemfundisha. Wiki nzima nilikuwa nakataa chai ya sukari mbele yake kwa mikogo, nikimweleza kwamba sukari kwangu ni sumu. Mama Neema akanipa maji matupu, kwa huruma kabisa. Nakumbuka bilauri, nakumbuka mlima Loleza umegawanyika kuwa miwili, basi.

Nilizindukia kwenye zahanati na dripu mkononi. Gwakisa amekaa pembeni, koti limelowa maji, kwa sababu nilipoanguka alijaribu kuninywesha na yote yakamwagika. Nesi alikuwa anamgombeza.

"Mtu aliyezimia hawekewi kitu mdomoni, kijana. Si maji, si soda, si asali. Kinaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mwite dereva, mlete. Lakini akiwa bado anajibu, anameza, soda ile ile uliyompokonya ndiyo ilikuwa dawa."

"Sasa si ana kisukari?"

"Ana kisukari na amejichoma insulini. Insulini haijui kama amekula. Kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu tu, na magunia nayo yanaichoma. Alipofika hapa ilikuwa 2.1. Chini ya 4 hatuulizi maswali, tunatoa sukari."

Gwakisa akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemdanganya. Alikuwa na haki.

Kisha nesi akanigeukia. Vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Dakika kumi na tano, pima. Bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, na chakula kiko mbali, kula kitu cha kukaa tumboni: kiazi, ndizi, chapati. Sindano usiiache, acha kujichoma kabla hujaona chakula kwa macho yako. Kliniki wakanipunguzia dozi ya asubuhi kwa siku za kupakia, na saa nne nikaamriwa kula kitu hata gari likipiga honi.

Maelezo mepesi. Wiki ya pili yake usiku niliamka shuka limelowa, midomo ile ile, na ndoto ya namba zinazokimbia. Safari hii nilijua. 3.3. Nikatafuta bakuli la Bibi gizani (lilikuwa nyuma ya debe la mahindi, siku zote nilijua), nikakoroga vijiko vinne. Na hapo nikagundua kitu ambacho nesi hakunisimulia: kunywa si kazi, kazi ni zile dakika kumi na tano. Mwili unakuambia unakufa, kula kila kitu. Nilivumilia kama dakika nne hivi. Nikamaliza viazi vya jana, nusu mkate, nikalamba kijiko cha asali ya Bibi. Asubuhi mashine ikasoma 17. Bibi aliliona bakuli mezani, akakaa kimya muda mrefu, kisha akalirudisha kabatini, mahali pake pa zamani.

Siku hizi nina vifuko vidogo vya nailoni, vijiko vinne vinne, kimoja mfukoni, kimoja kwa Mama Neema, kimoja anacho Gwakisa. Nimelijua jasho langu: ni la baridi, linaanzia shingoni, halina uhusiano na gunia. Na kabla ya jasho inakuja hasira. Hiyo naiona mimi mwisho, wenzangu wanaiona kwanza, ndiyo maana Gwakisa nimempa ruhusa: nikianza kumgombeza mtu bila sababu, aseme "pima", na mimi nitapima bila kubisha.

Jumamosi iliyopita tulipakia la Dar tena. Jioni kwenye malipo akanihesabia thelathini na nane. Mimi nilikuwa na thelathini na tisa, nimeziandika kwa mkaa ubavuni mwa gari. Nikapandisha sauti. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifuko cha sukari, mpole kama padri.

"Pima, Luse."

"Sina kitu, nipe hela yangu."

"Tulikubaliana. Pima."

Wenzetu wamesimama wanatazama. Nikajitoboa kidole, nikaweka tone, tukainama wote wawili juu ya kile kioo kidogo tukingoja.

6.8.

Gwakisa aliitazama namba ile kwa muda. Kisha akarudisha sukari mfukoni, akatoa mia mbili.