Swali la 5 la Hisabati, Darasa la Tano

Habari za jioni Mama Neema, na wazazi wote. Nimeona picha ya daftari. Swali la 5, 3/4 + 1/6, Neema ameandika 4/10. Amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Usimgombeze, hata kijana wangu alianza hivyohivyo wiki iliyopita.

Asili, yaani namba za chini, hazifanani, kwa hiyo kwanza zifanywe zifanane. Mwambie aandike vigawe vya 4: 4, 8, 12. Kisha vya 6: 6, 12. Kigawe kidogo cha shirika, yaani KDS, ni 12. Hapo 3/4 inakuwa 9/12, maana 4 imezidishwa kwa 3, na ya juu nayo inazidishwa kwa 3. 1/6 inakuwa 2/12. Sasa anajumlisha za juu tu: 11/12.

Kwangu kilichosaidia ni chapati. Nilikata moja vipande vinne, nikamwekea vitatu kwenye sahani, nikamuuliza: hii imezidi nusu au haijafika? Imezidi. Sasa tukiongeza kipande kingine, inawezekanaje tupate 4/10, ambayo haifiki hata nusu? Akaliona kosa mwenyewe, akafuta.

Swali la 6 ni la kutoa, ila njia ni ileile. Muache alifanye peke yake kwanza, mwalimu aone anapokwama. Akishindwa kabisa nitumie picha, nipo macho hadi saa nne.