Pima kwanza, miwani baadaye

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamooni wazee wangu, babu zangu mliokaa jamvini na bibi zangu mlio upande wa mwembe. Bwana Sheha, ahsante kwa kunipa nafasi hii baada ya Alasiri. Sitawaweka sana. Najua wapo walioacha karafuu uwanjani, na wingu lile kila mtu analiona.

Mnanijua. Mie ndiye yule mhudumu wa afya anayewagongea milango kuuliza mtoto kachanjwa au hajachanjwa. Leo sikuja kwa watoto, nimekuja kwenu, na nimekuja kwa ajili ya miwani.

Wiki iliyopita nilipita nyumba 11. Nyumba 6 nilikuta miwani ya sokoni Konde, na nyumba moja, mwenyewe yupo hapa na anacheka, ilikuwa na miwani minne. Mmoja wa kusomea msahafu, mmoja wa kutilia uzi sindano, mmoja umekatika mkono umefungwa kwa kamba ya mshipi, na wa nne hajui kwa nini aliununua. Nilipomuuliza ni upi unaomfaa, akanambia, "Hakuna, mwanangu, ila huu una afadhali."

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Muuza miwani simsemi, naye anatafuta riziki yake. Na macho kupungua kwa karibu si ugonjwa. Ndani ya jicho mna kioo chetu cha kuzaliwa nacho, ambacho ujanani ni laini, hujivuta na kujikunja kila unapotazama karibu. Ukifika miaka 40 hivi kinakuwa kigumu. Ndipo mtu anaanza kuusogeza msahafu mbali, mwisho mkono unakuwa mfupi. Mwenye tatizo hilo peke yake, miwani ya kusomea inamtosha, na akishajua namba yake, hata ya sokoni akavae.

Lakini atajuaje kuwa ni hilo peke yake?

Shangazi yangu alikuwa mshona kofia. Alianza kulalamika kuwa vitundu anavikosa, sindano inaingia kando. Akapanda gari kwenda sokoni. Muuzaji akamuuliza umri, akampa kipande cha boksi chenye maandishi, akajaribu mitatu, akachukua uliokuwa unakuza zaidi. Umeandikwa 3.00 kwenye kile kibandiko cha kioo. Alirudi kwa furaha. Baada ya siku tatu kichwa kinamgonga, akisimama nao anahisi sakafu inapanda. Akaenda kubadilisha. Akabadilisha tena. Mwaka mzima ulipita hivyo.

Siku moja nimekaa naye ukumbini anachagua mchele kwenye ungo. Nikaona mawe anayatoa upande wa kulia tu, upande wa kushoto anayapita. Nikamwambia, shangazi, hebu funika jicho la kulia. Akafunika. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mbona umezima taa?" Ilikuwa saa nne ya asubuhi, wazee wangu, mlango uko wazi.

Kumbe jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, kile kioo cha ndani kimeingia ukungu. Mtoto wa jicho hauondoki kwa miwani, hata ya namba gani. Unaondoka kwa upasuaji: kioo kilichochafuka kinatolewa, kinawekwa kingine. Alipopasuliwa akarudi kwenye kofia zake. Ila mwaka ule aliokuwa akizunguka sokoni, jicho la kulia lilibeba kazi ya mawili, na mwenyewe hakujua.

Basi tufanye hivyo hivyo hapa, sote, na vijana pia. Weka kiganja juu ya jicho la kushoto. Usilibonyeze, lifunike tu. Tazama ule ubao wa skuli pale ng'ambo. Haya, sasa geuza, funika la kulia. Nyamazeni kwanza, msiambizane. Mtu ambaye ubao umebadilika, au kingo zimefifia, au katikati pana doa, huyo nataka nimwone kabla hajaondoka.

Miwani ya sokoni vioo vyake viwili vina namba moja, kulia na kushoto sawasawa. Macho ya watu wengi si hivyo. Tena ile ni ya karibu tu, ya kusomea na kushonea. Ukiivaa kuendea njiani, gari linakuwa ukungu mtupu na ngazi ya msikiti huijui iko wapi.

Kuna mawili yananitia hofu kuliko mtoto wa jicho. La kwanza ni presha ya macho. Si ile presha ya damu tunayopimwa mkononi, ni nyingine. Mara nyingi haiumi. Inakula uoni kutokea pembeni pole pole, mtu anasoma vizuri kabisa huku anajigonga kwenye miimo ya milango, na watoto wanamcheka eti babu kazeeka. Kilichopotea hapo hakirudi. Dawa inachofanya ni kulinda kilichobaki, kwa hiyo kila mwezi unaochelewa una hasara yake. Mwenye baba au ndugu wa tumbo moja aliyepofuka kwa presha hii, asinisubiri mimi, aje mwenyewe.

La pili ni sukari. Sukari ikipanda, jicho linababaika, leo unaona hivi, wiki ijayo vingine. Ukinunua miwani siku sukari iko juu, ikishuka miwani haikufai tena, na utasema umeuziwa feki. Na sukari ya muda mrefu inaharibu mishipa ya nyuma ya jicho hata kama bado unaona sawa. Wenye sukari wapime macho kila mwaka. Hili nimelisema mara ngapi, bibi yangu wa kona ile, na wewe unaniitikia tu!

Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, watakuja wapimaji kituoni. Hakuna sindano. Utasimama mita 6 kutoka kwenye karatasi yenye alama kama uma wenye meno matatu, unaonesha kwa vidole meno yanaelekea wapi: juu, chini, huku au kule. Asiyejua kusoma hana cha kuona haya. Jicho moja, kisha la pili. Ukishindwa, utachungulia kwenye kikadi chenye kitundu kidogo. Ukiona vizuri kupitia kitundu, huenda unahitaji miwani tu. Usipoona, jicho lina jengine, utaandikiwa uende hospitali Chake Chake. Mwisho utapimwa kwa karibu, na utapewa namba yako kwenye karatasi. Hiyo karatasi ndiyo ya kwenda nayo sokoni.

Njooni na miwani yote mliyo nayo, hata ile ya kamba. Wenye sukari na presha, njooni na kadi zenu na dawa mnazotumia. Na kila mtu abebe kazi yake: mwenye ukili aje na ukili, mshoni na sindano, msomaji na juzuu, mvuvi na ndoana anayoshindwa kuifunga. Tunataka kuona mnavyofanya.

Asiyeweza kutembea, kijana wake anipe jina sasa hivi, nitazungumza na mwenye gari la ng'ombe. Daftari hili hapa. Nimeshaandika jina la kwanza, la mwenye miwani minne. Bibi, unakuja na yote, eeh? Haya, wa pili nani?